Sare Inayobana Kifua, Sehemu ya 3: Kata Shuka la Mtumba Kwanza

Nimetoka zamu ya mchana, mtoto amelala, baba watoto anaangalia mpira. Nina kama saa moja ya kuandika, basi tuendelee.

Katika sehemu iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyorudi kazini baada ya zile siku 84 za uzazi, nikavaa sare yangu ya zamani, na nilipoinama kumwekea mgonjwa dripu kifungo cha kifuani kikaachia. Si kufunguka tu, kiliruka kikaenda chini ya kitanda. Bibi wa kitanda cha pili akacheka akaniambia, "Mwanangu, maziwa hayo hayataki kufungiwa." Nilicheka na mimi, lakini nilifanya kazi mpaka jioni nimejifunika sweta kwenye joto lile.

Wengi mmeniuliza: kwa nini hukumwambia fundi aongeze tu? Nilimwambia. Nilinunua mita 3 za kitambaa cheupe kizuri, nikampelekea fundi mmoja, akakata gauni zima saizi moja juu. Kifua kikafunga, sawa. Ila mabega yakashuka mpaka kwenye mkono, shingo ikawa wazi kiasi kwamba nikiinama mgonjwa anaona mpaka kitovu, na kwapa likaning'inia. Kitambaa kikawa kimeshakatwa, hakuna cha kurudisha. Simlaumu sana, maana na mimi sikujua la kumwambia. Mwili wangu haukuwa umekua saizi moja. Mabega yalikuwa yaleyale, mgongo uleule. Kilichoongezeka ni matiti, na kiuno kidogo.

Sasa leo nakuonyesha nilichofanya mara ya pili, kwa mkono wangu, kwa cherehani ya mama mkwe. Nilishona kwanza gauni la majaribio kwa shuka kuukuu.

Shuka lenyewe nililipata mtumbani, la pamba, halivutiki. Hilo la kutovutika ni la muhimu. Kama sare yako ni ya kitambaa kisichovutika, usijaribie kwa fulana au kitambaa cha tisheti, kitakudanganya kwamba kila kitu kinakaa vizuri. Uzito nao uwe unakaribiana. Marikani inafaa sana, kanga iliyochakaa pia inafaa kwa gauni jepesi. Kitu chepesi kama leso ya kichwani hakifai kwa sare, kitalala mwilini tofauti kabisa. Shuka nililichana kwa mkono upande mmoja ili nipate mstari ulionyooka na uzi wa kitambaa, kwa sababu shuka la mtumba limefuliwa mara nyingi na pindo zake zimepinda. Ukikata kitambaa mshazari bila kujua, nguo itajizungusha mwilini, nawe utadhani ni kosa la patani.

Patani nilikuwa nayo: niliifumua sare yangu ya zamani ya kabla ya ujauzito na kuichora kwenye karatasi ya kaki, ile tunayovalisha madaftari ya watoto. Gauni limekatwa kiunoni, juu kuna vipande viwili vya mbele vyenye vifungo katikati, kipande cha mgongo, na chini sketi. Kila kipande cha mbele kina dati mbili, yaani ile mikunjo iliyoshonwa yenye ncha: moja inatoka ubavuni kwenda kwenye titi, nyingine inapanda kutoka kiunoni.

Kwenye shuka nilikata sehemu ya juu tu na kipande cha sketi kinachofika kwenye nyonga. Kola sikuweka, mifuko sikuweka, vifungo sikuweka. Lakini nilichora kitu ambacho kwenye nguo halisi hakionekani: mistari. Nilichukua kalamu ya wino wa buluu nikachora mstari wa katikati ya mbele kutoka shingoni mpaka chini, mstari wa kiuno kuzunguka, na mstari uliolala unaopita kwenye ncha ya titi. Hii ndiyo faida ya shuka la mtumba, unaliandika kama daftari. Bila mistari hiyo utajua nguo haikai vizuri lakini hutajua imesogea wapi na kwa kiasi gani.

Nikashona kwa mishono mirefu kabisa ya cherehani ili iwe rahisi kufumua. Ukiwa huna cherehani, piga bandi kwa mkono, inatosha. Mbele nilifunga kwa pini, mstari wa katikati wa kulia juu ya mstari wa katikati wa kushoto. Usifunge ukingo kwa ukingo, maana sehemu ya vifungo hupandana, na ukisahau hilo utakuwa umejiongezea upana usiokuwepo.

Hapa ndipo naomba mama anayenyonyesha anisikilize. Unajaribu nguo saa ngapi? Mimi nilijipima kifua asubuhi kabla ya kumnyonyesha mtoto, nikajipima tena baada ya kunyonyesha. Tofauti ilikuwa karibu sentimita 3. Kazini unaweza kukaa saa nne au tano kabla ya kukamua au kumfikia mtoto. Kwa hiyo jaribu matiti yakiwa yamejaa, na uvae sidiria ileile utakayovaa kazini. Nguo ikilegea kidogo baada ya kunyonyesha hakuna ubaya. Ikibana titi lililojaa kwa masaa, hilo siyo suala la urembo tena. Mgandamizo wa muda mrefu ni mojawapo ya mambo yanayoweza kufanya maziwa yatuame na titi kuanza kuwa na uvimbe unaouma. Nimewahudumia akina mama wenye tatizo hilo, na sikutaka kujitengenezea langu.

Nikavaa, nikafunga lastiki nyembamba kiunoni ili nione kiuno changu halisi kiko wapi, nikasimama mbele ya kioo mikono chini.

Ukitazama gauni la majaribio, tafuta mikunjo kabla ya kutafuta kitu kingine. Mkunjo uliovutika, uliokaza kama kamba, unaelekea mahali nguo inapokosa nafasi. Mkunjo uliolegea, unaoning'inia, unasema hapo kuna kitambaa cha ziada. Mimi nilikuwa na mikunjo iliyokaza kutoka titi moja kwenda jingine, pale pini zilipokuwa zinavutana. Nilikuwa pia na mkunjo wa mshazari uliotoka kwenye titi kupanda kwapani. Halafu ule mstari wangu wa buluu wa kiuno: mgongoni ulikaa juu ya lastiki vizuri kabisa, lakini mbele katikati ulikuwa umepanda sentimita 2 juu ya lastiki. Mabega yalikaa mahali pake. Mgongo ulitulia.

Soma hapo vizuri. Nguo imepanda mbele kwa sababu titi limeikopa. Kitambaa kinapopita juu ya mlima kinahitaji upana wa kwenda kando, na kinahitaji pia urefu wa kupanda na kushuka. Ndiyo maana kuongeza ubavuni peke yake hakutibu. Unaongeza upana chini ya kwapa, mahali ambapo hapakuwa na shida, na urefu wa katikati unabaki mfupi vilevile.

Sasa kazi yenyewe. Nilimwita baba watoto anishikie, maana ukijiinamia mwenyewe kila kitu kinasogea. (Alikuja na sura ya mtu anayepelekwa chumba cha upasuaji. Alipoona mkasi ndiyo kabisa.) Nilimwambia kata hapa: kutoka kiunoni, katikati ya dati, panda wima mpaka ncha ya titi, halafu geuza mshazari mpaka karibu na kwapa, kwenye theluthi ya chini ya kwapa. Pale kwapani usikate ukamaliza, acha uzi kidogo iwe kama bawaba ya mlango. Kisha kata kutoka ubavuni, katikati ya dati ya ubavu, mpaka karibu na ncha ya titi, na hapo pia acha bawaba. Dati zote mbili tulikuwa tumezifumua kwanza. Mwisho kata mlalo kidogo chini ya titi, kutoka ule mpasuko wa wima kuelekea katikati ya mbele.

Nakuambia, shuka lilipumua. Mpasuko wa wima ulifunguka wenyewe, na ule wa mlalo ukashuka. Mikunjo ya kifuani ikapotea bila mtu kuivuta. Usivute wewe, acha mwili ufungue. Tukaweka vipande vya shuka nyuma ya matundu, tukabana kwa pini, na tukapima pengo pale kwenye ncha ya titi. Kushoto sentimita 3, kulia 2 na nusu. Matiti mengi hayalingani, usishtuke. Nikachukua 3 kwa pande zote mbili, nusu sentimita haitaonekana kwenye sare. Pengo la mlalo chini ya titi lilikuwa sentimita 2, yaani kiasi kilekile ambacho kiuno kilikuwa kimepanda.

Tukatazama kiuno: nacho kilitaka sentimita 1 kila upande wa mbele. Bega la kulia nalo liko chini kidogo kuliko la kushoto, nadhani ni ubebaji wa mtoto na mkoba. Hilo nililiacha. Kulirekebisha kungenilazimu niwe na patani ya kulia na ya kushoto tofauti, na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Kabla ya kuvua nilifanya majaribio ya kazini. Nilikaa, nikainua mikono kama naning'iniza chupa ya dripu, nikainama kama natandika kitanda. Nguo inayokaa vizuri mtu akiwa amesimama kama picha bado inaweza kukushinda wodini.

Halafu alama, kabla pini haijatoka hata moja. Nilitumia kalamu nyekundu kwa mabadiliko, ya buluu ibaki ile ya mwanzo. Kila mpasuko nilichora kingo zake zote mbili juu ya kile kipande cha nyuma, nikaandika namba palepale: 3, 2, 1. Nikaweka nukta mpya mahali ncha ya titi ilipo kweli. Nikaandika "kushoto mbele" na tarehe. Utacheka, lakini ukishafumua vipande na kuvilaza mezani, vyote vinafanana.

Kesho yake nikahamishia kwenye karatasi. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanachukua lile shuka lililokatwakatwa na kulitumia kama patani. Shuka limeshavutika kwenye mishazari na limeshikwashikwa. Chukua kutoka kwenye shuka zile namba na zile nukta, kisha rudia mipasuko hiyohiyo kwenye karatasi, kwa rula.

Nilinakili kwanza patani ya zamani kwenye kaki mpya, ile ya mwanzo nikaihifadhi. Nikachora mistari ileile: wima kutoka kiunoni mpaka nukta ya titi, mshazari mpaka kwapani, na wa ubavuni katikati ya dati. Nikakata kwa mkasi na kuacha bawaba ya karatasi kwapani na kwenye nukta ya titi. Nikabandika upande wa katikati ya mbele kwenye karatasi nyingine kwa selotepu, usisogee. Kisha nikasogeza upande wa ubavu kwenda nje mpaka kingo za mpasuko wa wima zikaachana sentimita 3, sawasawa juu na chini, zikawa kama reli mbili. Ukisogeza hivyo utaona mambo mawili yanatokea yenyewe: dati ya ubavu inafunguka, na upande wa ubavu unashuka chini kuliko upande wa katikati.

Upande wangu ulishuka sentimita 2 na kidogo. Nilipopima nikakaa kwenye kiti. Ni zilezile sentimita 2 ambazo shuka lilikuwa limeniambia jana yake. Nikakata ule mstari wa mlalo chini ya titi, nikashusha kile kipande cha chini cha katikati mpaka kiuno kikalingana, nikabandika. Namba zako za karatasi zikikataa kabisa kufanana na za shuka, kwa mfano shuka lilisema 2 na karatasi inasema 4, usiendelee. Kuna bawaba imekatika au mstari umepita pasipo pake.

Baada ya hapo ni dati. Ile ya ubavu ilikuwa na upana wa sentimita 2 mwanzoni, sasa imekuwa karibu 5. Usishangae, ndiyo nafasi ya titi. Nilichora upya miguu yake, na ncha yake nikaisimamisha sentimita 2 na nusu kabla ya nukta ya titi. Dati ikifika kabisa kwenye nukta itatoa kichongo kifuani kama kofia ya chupa. Ile ya kiuno ilikuwa 2.5, ikaongezeka 3 ikawa 5.5. Lakini kumbuka kiuno changu kilitaka sentimita 1, kwa hiyo dati hiyo niliichora 4.5 na ile 1 ikabaki kiunoni.

Na hapa nilikosea. Niliongeza 1 juu, sikuigusa sketi. Nilipoilaza patani ya sketi chini ya patani ya juu ndipo nikaona mshono wa kiuno haulingani. Kila ukigusa ukingo wa kipande kimoja, uliza ukingo huo unashonwa na nani. Sketi ya mbele nayo nikaiongeza sentimita 1 kila upande, kutoka kiunoni ikififia mpaka sifuri nyongani.

Ubavu pia nilihakikisha. Nilikunja dati ya karatasi kama itakavyokuwa ikishonwa, ikielekea chini, kisha nikapima mshono wa ubavu wa mbele na wa mgongo. Mgongo sikuugusa, kwa hiyo lazima zilingane. Ziligoma kwa nusu sentimita, kwa sababu ukingo pale penye dati nilikuwa nimeukata ukiwa wazi. Kunja kwanza dati, ndipo ukate mstari wa ubavu ukiwa umekunjwa. Ukifungua utaona ukingo umetoa pembe kama paa la nyumba. Hiyo pembe ndiyo inayoingia kwenye mshono.

Nafasi ya mshono nikaongeza mwisho kabisa, sentimita 1.5 kuzunguka, 2 ubavuni ili nibaki na cha kulegeza.

Nikashona la majaribio la pili, sehemu ya juu tu, kwa kipande cha shuka kilichobaki. Kiuno cha buluu kikalala juu ya lastiki mzunguko mzima. Dati ya ubavu ilionekana iko juu kidogo, nikaishusha ncha yake sentimita 1, nikaihamishia kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu. La tatu sikushona.

Kitambaa cheupe nilikiloweka na kukianika kwanza kabla ya kukikata, maana sare inafuliwa kila siku. Gauni limeshafanya kazi miezi miwili sasa. Vifungo vinafunguka ninapotaka mimi, kwa ajili ya kukamua, siyo vinapotaka vyenyewe.

Patani zote mbili nimezitia kwenye bahasha moja, ya zamani na ya kunyonyesha, zimeandikwa tarehe na kipimo cha kifua. Mtoto akiacha kunyonya nitajipima tena, na huenda nikarudi kwenye ile ya kwanza, huenda nikahitaji ya tatu. Sehemu ijayo ni mikono ya gauni, maana kwapa likiguswa na mkono nao unadai. Ngoja niende, ameamka.